Namba sita za ramani zinakuwaje istingi na nothingi

Wateja wengi wanaotaka tuwaandalie mchoro wa eneo la kisima au mnara wanatuletea karatasi imeandikwa tu "476563, ramani ya Morogoro", wanasema ndo kodineti hizo. Siyo kodineti bado, ila zinatosha kuanzia, na kama ramani unayo mezani unaweza kuzimalizia mwenyewe kwa rula ya shule.

Tunaongelea zile shiti za topo za Tanzania za 1:50,000, ambazo kila skweya ya gridi ni kilomita moja, yani sentimita 2 kwenye karatasi, kwa hiyo milimita moja ni mita 50. Namba tatu za kwanza ni za kwenda kulia, yani istingi, na tatu za mwisho ni za kupanda juu, yani nothingi. 476 maana yake upo kulia kwa mstari wa 47, sehemu ya sita kati ya kumi, na 563 upo juu ya mstari wa 56, sehemu ya tatu. Unaanza na mistari ya kushoto na chini daima, ukianzia kulia umeshapotea kilomita nzima.

Hapo watu wanakosea kitu kimoja, wanakadiria kwa kuikaribia namba ya juu. Kama pointi iko 6.7 unaandika 6, sio 7, manake hiyo namba inataja kakisanduku ka mita 100 kwa kona yake ya kushoto chini, na ukiandika 7 umetaja kakisanduku ka jirani.

Sasa tuigeuze. Angalia pembezoni mwa ramani, karibu na kona, namba moja ya kila upande imeandikwa kamili, na hapo unaona hiyo 47 ni 347000 na 56 ni 9256000 (kusini mwa ikweta nothingi inahesabiwa kutoka milioni 10 kurudi chini, ndo maana ni ndefu hivo). Ukiwa na namba sita tu bila kupima kwenye ramani, kiukweli unachojua ni kwamba istingi iko kati ya 347600 na 347700 basi, chukua katikati, 347650, na nothingi 9256350.

Ukiwa na ramani unapima. Tuseme kutoka mstari wa 47 mpaka pointi ni mm 13, na kutoka mstari wa 56 kupanda ni mm 7.5. Usikimbilie kuzidisha kwa 50! Karatasi inavuta na kusinyaa, na fotokopi ndo kabisa, halafu haisinyai sawa pande zote mbili. Pima skweya kumi kwa pamoja: hapa ofisini tulipima kopi moja tukapata mm 195 kwa mlalo na 197 kwa wima, badala ya 200. Kwa hiyo:

```
E = 347000 + 13.0/19.5 x 1000 = 347667
N = 9256000 + 7.5/19.7 x 1000 = 9256381
```

Ungezidisha kwa 50 ungepata 347650, umekosa mita 17 bure. Hata hivyo usiandike hiyo 7 na hiyo 1 za mwisho, nusu milimita ya rula ni mita 25 ardhini, sisi tunaandika 347670 na 9256380 na tunajua inaweza kucheza mita 20 na kitu.

Kama hesabu zinakuchosha, laza rula kimshazari mpaka sifuri iguse mstari wa kushoto na 20 iguse wa kulia, huku ukingo unapita kwenye pointi, soma hapo hapo, kila milimita ni mita 50 na kusinyaa kumejisahihisha. Kama karatasi imevutika ikazidi mm 20 tumia 25, kila milimita ni mita 40.

Halafu kuna hili linalowagombanisha watu na fundi wa kuchimba: ramani hizo ziko kwenye mfumo wa vipimo wa Arc 1960 na simu yako iko kwenye mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza zile namba kwenye simu kama zilivyo, pointi inaangukia kama mita 300 kaskazini ya ilipo na 90 hivi magharibi, milimita sita nzima kwenye karatasi. Kwa maeneo ya Morogoro, kanda ya 37 kusini, ongeza 90 kwenye istingi na toa 300 kwenye nothingi, inakuwa 347760 na 9256080 takriban. Dalili ya kwamba ni tatizo hili ni kwamba pointi zako zote zinahama kwa umbali ule ule na upande ule ule, makosa ya rula hayafanyi hivo.

Ukitutumia wotsapu, piga picha ya skweya yenyewe kutoka juu kabisa sio kwa pembeni, na nyingine ya ukingo wa chini penye jina la shiti na maandishi ya gridi, na uandike kama ulipima kwenye ramani au ulisoma kwenye GPS, hilo la mwisho ndo tunaloulizaga kila mtu.