Picha 53, fomu 48: kwa nini tunahesabu kabla ya kuchapa

Malalamiko mawili hutufikia karibu kila mwisho wa mwezi, na mara nyingi hutoka kwa mteja mmoja. La kwanza: "Nilituma picha zote, mbona kuna watu hawamo kwenye Excel?" La pili huja akiiona bei: "Hii pesa ya kupanga ni ya nini? Kwani kuhesabu picha nayo ni kazi?" Tutayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu la kwanza huzaliwa na la pili.

Kazi tunayoizungumzia ni ile ya fomu za mkono: usajili wa wanachama wa chama cha akiba, orodha za mafunzo, fomu za wazee wa mtaa. Afisa wa nyanjani huzijaza Kayole au Kitui, huzipiga picha kwa simu jioni, halafu hututumia sisi hapa mjini tuzichape. Karatasi zenyewe hubaki kwake. Fomu ikiwa kwenye bunda, mahali pake panajulikana kwa kuwa iko kati ya nyingine mbili. Ikishapigwa picha, mahali hapo hupotea, na kilichobaki ni jina la faili tu.

Tuseme chama kina fomu 48, kila fomu ina mistari 15, mtu mmoja kwa mstari. Kwetu zinaingia picha 53. Mteja ametulia, kwa maana 53 ni nyingi kuliko 48, kwa hivyo haiwezekani kitu kimekosekana. Hapo ndipo mahesabu hudanganya. Ukizifungua moja moja unakuta fomu 4 zilijaa mbele zikaendelea nyuma, na picha 3 zimerudiwa kwa sababu za kwanza zilitoka na kivuli cha mkono. Kwa hivyo 53 ukitoa 3 ni kurasa 50, na 50 ukitoa migongo 4 ni fomu 46. Fomu mbili hazikupigwa picha kabisa. Zile picha za ziada zimeficha pengo, na kama karani angeanza kuchapa moja kwa moja, pengo hilo lingeonekana siku ambayo mwanachama anakosa jina lake kwenye orodha ya malipo.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na haihitaji kompyuta. Kabla ya kupiga picha ya kwanza, andika namba kwenye kona ya juu ya kila fomu kwa biro nyeusi: 001, 002, mpaka 048. Fomu yenye maandishi nyuma, andika 007A mbele na 007B nyuma. Mwenye fomu nyingi anunue stempu ya namba inayojiongeza yenyewe. Hupatikana kwa wauza vifaa vya ofisi. Namba iwe ndani ya picha, isomeke, maana jina la faili linaweza kubadilishwa na mtu yeyote au simu yoyote, lakini namba iliyoandikwa kwenye karatasi inasafiri pamoja na maandishi.

Wengi huruka hatua hii wakitumaini kwamba WhatsApp itatunza mpangilio. Haitunzi. Ukituma kama picha ya kawaida, hupunguzwa ubora, saa iliyopigwa huondolewa ndani ya faili, na jina la awali hupotea. Kwenye simu ya Android inayopokea, picha huhifadhiwa kwa jina kama hili:

```
IMG-20250314-WA0021.jpg
```

Tarehe hiyo si ya siku fomu ilipopigwa picha, na 0021 si fomu ya 21. Ni namba ambayo simu inayopokea imeipa kwa hesabu yake yenyewe, ikichanganya na picha nyingine zilizoingia siku hiyo, hata ya harusi ya binamu. Picha hiyo hiyo kwenye simu ya mwenzako ina namba nyingine. Ndiyo maana mteja akipiga simu akisema "angalia ile ya 21 haijachapwa vizuri", tunaweza kuwa tunatazama karatasi mbili tofauti, kila mmoja akiapa kwamba yuko sahihi. Chaguo la HD husaidia herufi zisomeke zaidi, lakini halirudishi mpangilio. Tuma kwa njia ya Document. Hapo faili hufika na jina lake na ubora wake. Au ziweke zote kwenye folda moja, uibane iwe faili moja ya zip, kisha utume hiyo.

Zikifika, folda ya kwanza tunaiita asili, na humo hatubadilishi chochote. Tunanakili kwenye folda ya pili na huko ndiko tunakozipa majina kutokana na namba iliyo kwenye karatasi: `F007A.jpg`, `F007B.jpg`, na iliyorudiwa inakuwa `F023A-2.jpg`. Hatufuti picha iliyorudiwa, kwa sababu mara nyingine ile mbaya ndiyo iliyoshika mstari wa mwisho ambao ile nzuri imeukata. Sufuri za mbele si mapambo. Windows inajua kuwa 2 hutangulia 10, lakini programu nyingi hupanga herufi kwa herufi, na hapo utapata F1, F10, F11, ndipo F2. Ukiandika F001, F002, kila chombo kitapanga sawa. Jina la zamani na jina jipya tunayaandika sambamba kwenye karatasi ya hesabu ndani ya Excel, ili hata baada ya mwezi mteja akitaja WA0021 iliyotoka kwetu, tuseme ni F018A bila kubahatisha.

Namba zikishapangwa, fomu zisizokuwepo hujitaja zenyewe. Katika mfano wetu, kutoka 018 tunarukia 020, na kutoka 039 tunarukia 041. Hapo ujumbe kwa mteja ni mfupi: "Tunaomba fomu 019 na 040." Bila namba ujumbe ungekuwa "fomu mbili hazipo", naye angelazimika kuzipiga picha zote 48 upya, au kukaa na bunda akilinganisha moja baada ya nyingine. Kuna wanaochagua njia ya tatu, kututumia tena zote "mjitafutie wenyewe", na hiyo ndiyo ghali kuliko zote kwa pande zote mbili.

Sasa mistari, ambayo ndiyo roho ya kazi. Karani mmoja anahesabu, mwingine anachapa. Hatumpi mtu mmoja kazi zote mbili, kwani macho yaliyokosea mara ya kwanza hukosea vilevile mara ya pili. Anayehesabu hupita kila ukurasa na kuandika mistari mingapi imejazwa na mingapi imekatwa kwa kalamu. Anayechapa hutumia karatasi nyingine iitwayo Data, ambayo safu yake ya kwanza ni ukurasa, ya pili ni namba ya mstari kwenye fomu, na majina huanzia safu ya tatu. Kwenye karatasi ya hesabu, safu A ni ukurasa, B jina la zamani la picha, C iliyojazwa, D iliyokatwa. Nyingine tatu hujijaza zenyewe:

```
E2:  =C2-D2
F2:  =COUNTIF(Data!A:A,A2)
G2:  =F2-E2
```

E ni mistari inayotarajiwa, F ni iliyochapwa, G ni tofauti. Kila G ikiwa sufuri, tumemaliza.

Turudi kwa chama chetu. Kwenye zile kurasa 50, mistari iliyojazwa ni 611, iliyokatwa ni 9, kwa hivyo tunatarajia 602. Karani amechapa 602. Ofisi nyingi zingefunga kazi hapo na kuomba M-Pesa. Lakini kwenye safu G, F012A inaonyesha 1 na F031A inaonyesha -1. Ukifungua picha ya F012A unaona jina refu limeandikwa kwenye mistari miwili, na mchapaji amelifanya watu wawili. Kwenye F031A kuna jina limebanwa kati ya mstari wa 8 na wa 9, halina namba, naye amelipita. Kosa moja limeongeza, jingine limepunguza, jumla ikabaki sawa. Mtu mmoja wa uongo ameingia, mwanachama halisi ametoka, na jumla haikusema lolote. Ndiyo sababu hatukubali mteja atuambie "angalieni jumla tu, muda hakuna".

Lile jina lililobanwa tunalipa mstari namba 8.5. Linaonekana la ajabu, ila likipangwa linakaa mahali pake kati ya 8 na 9, na namba za mistari mingine hazisogei.

Fomu 019 na 040 zikifika, zina mistari 15 na 12, jumla inakuwa 629. Mchapaji huziongeza mwisho kabisa wa Data bila kutafuta nafasi katikati, kisha tunapanga kwa ukurasa halafu kwa mstari, nazo hujipeleka zinakostahili.

Ombi letu kwa mteja baada ya kupokea: usifute zile safu mbili za kwanza. Tunajua zinachafua sura ya orodha, na bosi anataka majina tu. Zifiche, usizifute. Ukipanga majina kwa alfabeti huku safu hizo zimefutwa, hakuna njia ya kurudi kwenye karatasi, na mtu akibisha namba yake ya kitambulisho itabidi fomu zote 48 zisomwe upya. Pia Excel ikikuuliza kama ipanue eneo la kupanga, kubali. Ukikataa, majina yatahama na namba za simu zitabaki zilipokuwa, kila mtu akiwa na simu ya mwenzake, na hesabu ya mistari haitaligundua kosa hilo kwa sababu mistari bado ni 629.

Kuhusu bei basi. Fomu zikija na namba kwenye kona na zimetumwa kama Document, hatutozi kupanga. Unalipia mistari iliyochapwa tu. Zikija bila namba, tunatoza kwa kila ukurasa, kwa sababu karani atakaa akilinganisha tarehe, mwandiko na jina la kijiji ili ajue mgongo upi ni wa fomu ipi, na hata hivyo hatuwezi kukuhakikishia kwamba hakuna fomu iliyokosekana. Hilo la mwisho tunaliandika kwenye risiti. Picha na Data tunazihifadhi siku 30 kwa ajili ya marekebisho, kisha tunafuta, maana zina namba za vitambulisho vya watu na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kuziweka kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ukigundua tatizo kabla ya hapo, tutumie ukurasa na mstari, kwa mfano F031A mstari 8.5, na tutaurekebisha bila malipo.