Yah: Ruta isiyopokea zaidi ya vifaa 32, na kauli ya mhudumu wenu

Ndugu Meneja,

Kwa heshima ninadai ruta nyingine badala ya hii mliyoifunga katika nyumba yangu ya wageni, Forest Mpya, Mbeya. Masharti yenu mnayajua, sina haja ya kuyarudia.

Ruta hii haipokei zaidi ya vifaa 32 kwa waifai. Nimelisoma hilo mwenyewe kwenye ukurasa wake wa mipangilio, palipoandikwa `Max Clients: 32`, na nilipojaribu kuweka 40 ikakataa. Fundi wenu alizikuta kamera 8, taa janja 14, televisheni 6 na soketi janja 2 za hita za maji, akafunga ruta na kuondoka. Hivyo ni vifaa 30 kabla mgeni hata mmoja hajafika, na zilizobaki ni nafasi mbili, ambazo ni simu yangu na ya mapokezi. Taa janja hutumia data kidogo mno, lakini hushika nafasi nzima usiku na mchana.

Nilipoleta shida hii ofisini kwenu, mhudumu aliniambia mbele ya foleni: "Mama, ruta ni nzima, wewe ndiye hujui kuitumia. Nunua kifurushi kikubwa." Nikanunua, kutoka megabiti 20 hadi 40, na hakuna kilichobadilika.

Kisingebadilika, kwa sababu tangu mwanzo kompyuta iliyochomekwa kwa waya ilikuwa ikipata kasi yote 20, wakati huohuo simu ya mgeni inakataliwa kuingia kwenye waifai. Kila umeme ukikatika na kurudi, vifaa hugombea nafasi, na kinachochelewa kuwaka hubaki nje: leo kamera ya geti, kesho televisheni ya chumba namba 4. Nikiwasha ruta upya, kilichokuwa nje huingia na kingine hutoka. Nilipochomoa taa mbili kabisa, baada ya dakika chache simu mbili za wageni ziliingia bila shida. Haya yote nilikuwa nimemweleza mhudumu wenu kabla hajafungua kinywa.

Naye, bila hata kuuliza nina vifaa vingapi, akanijibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni kwamba mimi ndiye sijui, na watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nina umri wa kumzaa.

Nilikusudia kuomba ruta tu. Sasa ninadai ruta inayopokea angalau vifaa 64, fedha yote niliyoongeza kwenye kifurushi, na radhi ya maandishi kutoka kwa mhudumu huyo. Nisipopata vyote ndani ya siku 7, nitapeleka nakala ya barua hii, pamoja na picha za ukurasa ule na risiti zangu, katika ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hapahapa Mbeya, na mkataba wenu nitauvunja siku hiyohiyo.

Mteja wenu,
Mwenye nyumba ya wageni, Forest Mpya