Kabla hujashusha bei ya kufua

Mdogo wangu,

Juzi uliniambia unataka kufua kwa 2,500 kwa kilo kwa sababu wale jirani wenye mashine kubwa wanatoza 3,000. Subiri kidogo. Jana usiku nimeusoma ukurasa wao wa bei hadi chini, kwenye vigezo na masharti. Pale pameandikwa kwamba hawapokei chini ya kilo 5. Ukileta pungufu, unalipia 5.

Sasa piga hesabu. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye nguo za kilo 2 halipi 6,000. Analipa 15,000, yaani 7,500 kwa kilo. Kwake yeye wale ni ghali mno, na wewe ulikuwa unajiandaa kumpunguzia mtu asiyelalamika.

Nikaenda kwenye maoni ya wateja wao, nikaanza na mapya. Nyota tano nyingi husema "huduma nzuri" basi, na nyota moja mara nyingi ni hasira za siku ile. Mimi nilikaa kwenye nyota mbili na tatu, maana hapo mtu husema alichopenda na kilichomkera. Dada mmoja ameandika kwamba nguo zinanukia vizuri, ila husubiri wiki tatu kapu lijae ndipo apeleke. Wanne wengine wamesema jambo hilohilo kwa maneno yao.

Waliolalamikia kuchelewa ni wengi zaidi, na najua hilo ndilo litakalokuvuta. Liache. Wakiajiri mpiga pasi mmoja zaidi, limekwisha. Sharti la kilo 5 ni gumu kwao kuliondoa, kwa sababu mashine zao ni kubwa na wanatangaza kwamba kila mteja anafuliwa peke yake. Nimeingiza anwani yao kwenye web.archive.org nikaona ukurasa wao wa zamani: zamani kiwango kilikuwa kilo 3. Kwa hiyo wamepandisha makusudi, na hilo linanitia wasiwasi. Huenda kilo 2 hazilipi kabisa.

Kwako zitalipa kwa njia moja tu. Mashine yako ni ya kilo 8, na kuiwasha kwa kilo 2 kunakula sabuni, umeme na muda bure. Tia nguo za kila mteja kwenye mfuko wa wavu wenye namba, kisha fua mifuko mitatu ya rangi zinazofanana pamoja. Kwa 4,000 kwa kilo, mzunguko mmoja unakupa 24,000, na mteja analipa 8,000 badala ya 15,000.

Tatizo ni kwamba wapo wasiokubali nguo zao kuchanganywa na za watu wengine, hata ndani ya wavu. Waambie wazi tangu mwanzo. Jumamosi nakuja na mifuko sita. Wewe waulize wapangaji kumi wa hapo mtaani, na andika wangapi wamekataa.