YAH: Nguzo 4 za "ziada" na waya usiofika getini

Kwa Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata kwenye kaunta yenu. Nguzo ya kona ya ua niliojengewa na mafundi wenu imelalia ndani. Nimeipimia timazi: kichwa kimeachana na uzi kwa upana wa kiganja, na chini yake, upande wa nje, udongo umeachia ufa unaoingia vidole. Kona ya pili imeanza kufuata.

Haya niliyasema mapema. Kiwanja changu ni mstatili wa mita 60 kwa 36, mzunguko mita 192. Nguzo zikiachana mita 3, zinahitajika 64, kona zikiwamo, kwa sababu ua unajifunga ulipoanzia. Ankara yenu ilisema 68. Ofisa mauzo alihesabu kila upande peke yake, 21 na 21, 13 na 13, akajumlisha. Kila kona akaihesabu mara mbili. Nilimwonyesha kwenye mchoro wangu, kwa adabu kabisa. Akaichukua karatasi, akaigeuza, akaandika 68 kwa herufi kubwa mgongoni mwa mchoro, akasema mbele ya wateja wote, "Mzee, hesabu za ua tunazijua sisi. Hizo 4 ni za ziada za kona. Wewe lipa."

Nikalipa. Nguzo za ziada za kona ni jambo la kweli, nami nilizitaka. Lakini kazi yake ni kuegemeza. Kona inavutwa na waya wa pande mbili kwa pamoja, ndiyo maana inaangukia ndani. Kila kona inahitaji egemeo mbili, moja kwa kila upande, zilale kufuata mstari wa waya, kichwa kikaze nguzo ya kona juu ya nusu ya kimo chake na mguu uzikwe ukiwa umezuiwa na jiwe ili usiteleze. Kona nne ni egemeo 8. Nguzo mbili za geti nazo zinavutwa upande mmoja, kwa hiyo moja kwa kila nguzo: jumla 10. Mafundi wenu walizichukua zile 4 wakazisimamisha wima, zikagusana na nguzo za kona, wakazimwagia zege. Hazizuii chochote. Nguzo mbili zilizosimama bega kwa bega huinama pamoja, na ndivyo ilivyokuwa waya ulipokazwa.

Na waya wenyewe! Geti ni mita 3, zinabaki mita 189, mistari mitano ni mita 945. Mlileta roli nne za mita 200 na kipande cha mita 145, yaani 945 kamili, kana kwamba waya haufungwi popote. Kila mstari unazungushiwa kwenye kona nne na kwenye nguzo mbili za geti, na kila fundo linakula karibu mita nzima. Mara sita kwa mistari mitano ni mita 30. Ndiyo maana mstari wangu wa juu umekatika nafasi kumi kabla ya geti. Roli tano kamili zingetosha na kubaki, lakini mlikata ya tano!

Narudia lile la kaunta, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko hata ua. Mchoro ule niliupima mwenyewe kwa futi kamba. Ofisa wenu hakuusoma. Aliugeuza, akaandika 68 mgongoni, kisha hakunirudishia mimi, alimpa kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni anipitishie, na foleni nzima ikacheka. Nilikuwa na swali moja tu, egemeo ziko wapi, na mpaka leo sijajibiwa.

Nilipoanza kuandika nilitaka mlete nguzo 6, za kujazia zile 4, na waya uliopelea. Sasa sitaki hizo 4 zenye zege. Mzing'oe, mlete egemeo 10 mpya, mnyooshe kona zilizolala kabla waya haujakazwa tena, mmalizie mstari wa juu kwa waya mzima usio na viungo vya vipande, na mnirudishie fedha ya ufundi wote. Ofisa huyo aniandikie barua ya kuomba radhi kwa jina lake.

Nawapa siku 7. Zikipita bila fundi kufika, nitaleta fundi mwingine na gharama yake nitawadai ninyi mahakamani. Ankara yenye 68 ninayo, picha za ule ufa ninazo, na karatasi yenye mwandiko wa ofisa wenu ninayo pia.

Mteja wenu