Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: bandama la mtoto wa sikoseli liandikwe kwenye kadi

Shikamoo Mganga Mkuu. Mi ni daktari wa watoto, nafundisha wanafunzi wa utabibu wodini hapa hapa Mbeya, na kila wakikaribia mtihani natunga maswali ya sikoseli. Ombi langu ni dogo na halina gharama ya maana: kila mtoto wa sikoseli akija kliniki akiwa mzima, apimwe bandama, na ukubwa wake uandikwe ukurasa wa kwanza wa kadi pamoja na kiwango chake cha kawaida cha damu. Basi. Naomba unisomee mpaka mwisho uone kwa nini nang'ang'ania hilo.

Chukua swali ninalopenda kuwapa wanafunzi. Mtoto wa miaka 2, kilo 10, analetwa kutoka Kyela, jana alikuwa anacheza, leo asubuhi kaamka amelegea, mweupe viganja na midomo, tumbo limejaa upande wa kushoto. Mapigo ya moyo 170 kwa dakika, mikono ya baridi. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Kiwango cha damu ni gramu 3.8 kwa desilita, na kadi inasema akiwa mzima huwa 7.5. Retikulosaiti, zile chembe nyekundu changa, ni asilimia 18. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka. Bandama liko sentimita 7 chini ya mbavu, mwezi uliopita lilikuwa 2.

Mwanafunzi aliyesoma anajibu haraka, bandama limenasa damu. Chembe zilizopinda zimeziba njia ya damu kutoka ndani ya bandama, damu inaingia haitoki, kwa hiyo mtoto anapoteza damu ya mwili wake ndani ya tumbo lake mwenyewe bila tone kudondoka nje, na ndani ya masaa machache anaweza kufa. Hii inawapata zaidi wadogo, kuanzia miezi 6 hivi mpaka miaka 5, kwa sababu wakubwa wengi wenye sikoseli bandama lao limeshasinyaa.

Sasa Mganga Mkuu, toa kwenye hilo swali yale maneno mawili tu, "huwa 7.5" na "lilikuwa 2". Ndo hali tunayopokea usiku. Bandama sentimita 7 kwa mtoto wa Kyela, kule joto na mbu wa ziwani, linaweza kuwa lilelile la siku zote kwa sababu ya malaria za nyuma. Damu ndogo peke yake haisemi kitu, kuna watoto wa sikoseli wanatembea na damu 6 na wanacheza mpira. Ugonjwa huu unatambulika kwa mabadiliko, damu imeshuka gramu 2 au zaidi kutoka ya kawaida na bandama limekua ghafla, na mabadiliko huwezi kuyaona kama hujui lilikuwaje jana.

Na kuna mwenzake anayefanana naye. Kirusi kinaitwa pavovairasi B19 kikiingia kwa mtoto wa sikoseli kinasimamisha uboho usitengeneze chembe nyekundu kwa wiki moja hivi, na kwa kuwa chembe zake hazidumu muda mrefu damu inaporomoka. Naye anakuja mweupe, amelegea. Ila huyu retikulosaiti ziko chini kabisa, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na bandama liko vilevile kama kawaida yake. Kwenye mtihani namba ya retikulosaiti inamaliza ubishi. Huku kwetu vituo vingi havina hicho kipimo usiku, kwa hiyo kinachobaki ni mkono wa daktari na kile kilichoandikwa kwenye kadi, kama kipo.

Kutofautisha huku ndo kunaamua damu inaingiaje. Yule wa bandama namwekea oksijeni na kanula, natuma sampuli ya kulinganisha damu yake na ya kuongezewa, na wakati nasubiri nampa dripu ya maji ya chumvi mililita 10 kwa kila kilo, yaani 100, ili mzunguko usianguke. Halafu damu, chembe nyekundu zilizotengwa, mililita 5 kwa kilo, yaani 50 tu kwanza. Wanafunzi wanashangaa, damu 3.8 unampa 50? Ndiyo, kwa sababu ile iliyonaswa haijapotea. Mzunguko ukirudi, bandama linaanza kuachia, na damu yake mwenyewe inamrudia mwilini. Sasa kama mtu alimtibu kama upungufu wa damu wa malaria, akampa damu nzima mililita 20 kwa kilo yaani 200, kesho yake unakuta damu imepanda kupita 10, nzito, na damu nzito yenye chembe za sikoseli inaweza kuleta kiharusi kwa mtoto. Kwa hiyo nampa kidogo, nashika bandama tena, napima damu tena, na kama bado amelegea namwongezea kidogo kingine, nikilenga 7 au 8 na sio zaidi.

Nimeshaona kadi, sitataja kituo, imejaa tarehe za folik asidi na penisilini miezi na miezi, mwandiko mzuri kabisa, na hakuna mahali hata pamoja mtu alipoandika bandama. Iliniuma sana. Mtoto alikuwa anakuja kliniki kila mara, na hakuna aliyeweka mkono tumboni.

Tena kuna namna ya kuweka huo mkono. Wengi wanaanzia chini ya mbavu za kushoto, na bandama likiwa kubwa mkono unakaa juu yake moja kwa moja, hausikii ukingo, daktari anaandika "kawaida". Inatakiwa mtoto alale chali, magoti yakunjwe, uanzie chini kulia karibu na nyonga, upande taratibu kuelekea mbavu za kushoto ukifuata pumzi zake, bila kubonyeza kwa nguvu. Ukigusa ukingo, pima kwa futi kamba kutoka mbavu mpaka ncha.

Mama naye anafundishika. Jamaika walifundisha wazazi kushika bandama nyumbani, watoto wakawa wanaletwa mapema na vifo vya tatizo hili vikapungua sana. Mi namwambia mama, mama nanii, mwanao bandama lake ni vidole viwili, lishike kila ukimwogesha na kila akipata homa, siku likiwa vidole vinne au amepauka ghafla usisubiri kesho, panda gari. Na mwambie unayemkuta kituoni maneno hayo hayo, lilikuwa viwili sasa ni vinne. Na akishapata mara moja amwangalie zaidi, kwa sababu karibu nusu yao linarudi, na likirudi inabidi kujadili kulitoa bandama, baada ya chanjo.

Kwa hiyo naomba mhuri. Mhuri wa kawaida wa mpira, kila kliniki ya watoto kuanzia Kyela, Tukuyu, Chunya mpaka mjini, wenye nafasi tatu: tarehe, damu akiwa mzima, bandama sentimita ngapi chini ya mbavu. Unagongwa ukurasa wa kwanza na kujazwa upya kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi kwa walio chini ya miaka 5. Upande wangu, kuanzia muhula huu mwanafunzi hatapita mtihani wa wodini bila kushika tumbo la mtoto mbele yangu na kujaza nafasi hizo tatu kwa mkono wake. Mchoro wa mhuri ninao tayari, nikiambiwa niulete ofisini naleta hata kesho.