Kabla ya kumtuhumu jirani, tazama ua wa boma

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya mfugaji aliyelalamika kwamba mkulima wa jirani amewanyunyizia ng'ombe wake sumu. Sina mamlaka ya kumtetea mkulima huyo, wala simfahamu. Lakini dalili alizozieleza, macho ya manjano, kinyesi kikavu, pua kubabuka na ng'ombe kufa mmoja mmoja kwa muda wa wiki mbili, nimewahi kuziona, na mara ile hakukuwa na mtu aliyenyunyiza chochote. Nilipokuwa afisa mifugo huku Korogwe, dalili hizohizo zilinidanganya hata mimi.

Mfugaji mmoja alinunua mitamba sita chotara, weusi wenye mabaka meupe, akawaleta kwa lori kutoka Arusha. Walikaa garini karibu siku nzima, na kabla ya hapo mnadani hawakuwa wamekula vya kutosha. Walifika jioni, wakafungiwa katika boma lililozungushiwa lantana, ule mmea wa maua ya rangi mchanganyiko ambao wengi wetu tunaupanda kuwa ua kwa sababu mbuzi na ng'ombe hawaugusi. Asubuhi ua ulikuwa umeliwa upande wa ndani. Mwenye mali alicheka, akasema hawa wa Arusha wana tamaa.

Ni kweli kwamba ng'ombe aliyekulia mahali penye lantana huiacha. Majani yake yanakwaruza na yana harufu kali, na ng'ombe akiwa na nyasi tele haendi kuyahangaikia. Ila mnyama mgeni haujui mmea, na mwenye njaa hachagui. Kwa lantana yenye sumu kali, majani mabichi ya asilimia 1 tu ya uzito wa mnyama yanaweza kutosha kumdhuru. Mtamba wa kilo 250 anahitaji kilo mbili na nusu, kiasi ambacho ng'ombe mwenye njaa hukimaliza mapema sana. Wapo wanaosema ya maua mekundu ndiyo mbaya na ya waridi haina neno. Msitegemee rangi, maana hata ya waridi imewahi kuua.

Siku ya tatu niliitwa. Mitamba wote walikuwa wamegoma kula, hawacheui, kinyesi ni vidonge vigumu, macho yameanza kuwa manjano. Nikasema ni ndigana baridi, na nikawachoma sindano za oksitetrasaiklini. Kosa langu lilikuwa kutohesabu siku. Ndigana baridi huchukua wiki kadhaa tangu kupe aume hadi mnyama augue, na hawa walikuwa na siku tatu tu katika kupe wetu. Aidha, ndigana huangamiza damu, kwa hiyo ukifunua mdomo unakuta fizi zimepauka. Hawa fizi zao hazikuwa zimepauka, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 39, joto la kawaida la ng'ombe. Nilikiona kipimo hicho na bado nikachoma sindano.

Siku ya tano ngozi ilijibu. Pua zilikuwa nyekundu kama zimemwagiwa maji ya moto, na kwenye mabaka meupe ngozi ilikakamaa na kupasuka, huku sehemu nyeusi zinazopakana nayo zikiwa salama kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa. Sumu ya lantana hupiga ini na kuzuia nyongo isitoke. Ng'ombe akila majani mabichi, ule ukijani unageuzwa tumboni kuwa kitu ambacho kwa kawaida hutoka pamoja na nyongo. Nyongo ikiziba, kitu hicho kinaingia katika damu, kinafika chini ya ngozi, na jua likikipiga kinaunguza. Ngozi nyeusi inalikinga jua, nyeupe haina kinga.

Wawili walikufa, siku ya nane na ya kumi. Nilipompasua wa kwanza nilikuta ini la manjano lililovimba na mfuko wa nyongo uliojaa kupita kiasi. Kilichonishangaza ni tumbo kubwa: vipande vya majani ya lantana vilikuwa bado vimo, baada ya siku nane, kwa mnyama ambaye hakuwa ameonja kitu tangu siku ya pili. Sumu hii husimamisha tumbo lenyewe. Majani yanabaki mle kama ghala, na sumu inaendelea kuvuja kwenda kwenye ini kila siku. Kwa hiyo kumwondoa mnyama malishoni ni nusu tu ya kazi. Kwa upande mwingine, ghala hilo ndilo linalofanya tiba iwe na maana hata baada ya siku kadhaa.

Waliobaki wanne tuliwaweka bandani, gizani kadiri ilivyowezekana, tukawapa maji na majani makavu ya hei badala ya mabichi. Kisha tuliagiza unga wa mkaa wa dawa, ule wanaopewa watu waliomeza sumu. Kipimo ni gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, kwa hiyo kila mtamba alipata kilo moja na robo, iliyokorogwa katika lita kumi za maji yenye chumvi za kurudisha nguvu. Tuliupitisha kwa mpira hadi tumboni. Mkaa hunasa sumu ndani ya tumbo isifike kwenye ini. Ni ghali, na kwa mtu mwenye ng'ombe kumi huumiza. Udongo wa bentoniti kwa kipimo hichohicho ulifanya kazi kwenye majaribio ya Australia, ambako lantana inaua ng'ombe wengi, ila ng'ombe walichukua muda mrefu zaidi kupona. Mkaa wa jikoni uliosagwa hauna vitundu vya kunasa sumu kama ule, usijidanganye. Watatu kati ya wanne walipona, na ngozi ilichukua wiki nyingi kurudi, huku tukipigana na nzi vidondani.

Naomba pia tuache kuwamiminia ng'ombe wagonjwa maziwa na mafuta kwa chupa. Mnyama dhaifu akiinuliwa kichwa, kinywaji kinaingia mapafuni, na atakufa kwa nimonia hata kama sumu ingemwacha. Mpira uwe mikononi mwa mtu anayejua kuupitisha.

Nyama ya ng'ombe aliyegeuka manjano isifike buchani kabla mkaguzi hajaiona. Najua huchinjwa usiku ili mtaji usipotee wote.

Kwa ndugu aliyeandika: kama bado ana ng'ombe mgonjwa, amtoe juani leo hii na amwite daktari wa mifugo, kisha watembee pamoja mzunguko mzima wa boma na malisho wakitafuta matawi yaliyong'atwa. Akifa mwingine, daktari achukue kipande cha ini na cha figo katika fomalini, pamoja na yaliyomo tumboni. Isipokuwa amekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma: huyo asipasuliwe, huenda ni kimeta. Na kabla hajaenda polisi, ajibu jambo moja ambalo barua yake haikulisema. Je, ng'ombe waliokufa ni wale wa siku zote, au ni wale aliowanunua karibuni?

Afisa mifugo mstaafu,
Korogwe, Tanga