Mwaka wa kuanzishwa Kilwa: tuelezwe vyanzo vinapogongana

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Kilwa Kisiwani imesema Washirazi walifika huko mwaka 957, bila neno zaidi. Nafundisha historia, na kitabu kingine ambacho wanafunzi wangu hukisoma kinasema 975. Wote wawili, mwandishi wenu na wa kitabu hicho, wamewaficha wasomaji jambo muhimu: vyanzo vyenyewe havikubaliani.

Habari za ujio huo zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni tarikh ya Kiarabu, yaani kitabu cha historia ya Kilwa, ambayo nakala yake iliyopo London ilinakiliwa Zanzibar katika karne ya 19. Ya pili ni maelezo ya Mreno João de Barros, yaliyochapishwa mwaka 1552. Tarikh inataja majahazi saba na kuuweka ujio katikati ya karne ya tatu ya Hijra, yaani miaka ya 860 hivi. Barros anataja majahazi mawili, na kwake ni baada ya mwaka 400 wa Hijra, sawa na mwanzo wa karne ya 11. Kati ya tarehe hizo kuna pengo la takriban miaka 150.

Basi 957 imetoka wapi? Ni hesabu ya wanahistoria wa baadaye, waliojumlisha miaka ya tawala za masultani na kurudi nyuma. Hesabu hiyo si kosa. Kosa ni kuiandika kana kwamba imesomwa kwenye tarikh. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa alisogeza mwanzo wa ukoo wa masultani hao hadi karibu mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Kama Ali huyo ndiye sultani mwanzilishi wa Kilwa, tarehe ya Chittick imechelewa mno na ya tarikh imewahi mno.

Aliyeandika tarikh alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Alipofika kwenye habari kwamba manahodha sita walikuwa ndugu na wa saba baba yao, aliweka wazi kwamba hayo ni maneno ya watu, akamwachia Mungu ujuzi wa kweli.

Naomba mchapishe sahihisho, na halihitaji nafasi kubwa: “Tarikh ya Kiarabu inaelekeza karne ya tisa, Barros karne ya 11, mwaka 957 ni makadirio ya wanahistoria, nasi tunaona karne ya 11 ina nguvu zaidi kwa sababu ya sarafu za Mtambwe Mkuu.” Msomaji asiyekubaliana nanyi atajua pa kuanzia kuwapinga.

Mwalimu wa historia,
Lindi